Barua ya Ruhusa Isiyotaja Watoto

Wasomaji wetu wametuuliza mara nyingi habari za waalimu wanaoondoka shuleni katikati ya muhula, nasi tumekawia kujibu, kwa maana jambo hili lina makali pande zote mbili. Wazazi wa huku kwetu Milola wasema waalimu wanaondoka mno. Waalimu wasema wao nao ni watu, wana watoto wanaougua na wazee wanaofariki, na wengi wao wamepangiwa kazi mbali na kwao. Wote wawili wasema kweli. Lakini sisi tumeziona barua zenyewe za kuomba ruhusa, na twadiriki kusema kwamba ubaya mwingi umo katika barua.

Barua hizo zafanana kama mayai ya kuku mmoja. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi mtajwa naomba ruhusa ya siku nne kwa sababu ya matatizo ya kifamilia. Natumaini ombi langu litakubaliwa." Chini yake sahihi, na pembeni mwalimu mkuu ameandika kwa kalamu nyekundu, "Nimeruhusu." Basi, imekwisha. Mtu akiisoma barua hiyo hawezi kujua kama mwandishi wake ni mwalimu, au karani wa ghala la korosho, au mlinzi wa bohari. Hamna darasa ndani yake, hamna somo, hamna mtoto hata mmoja. Imehesabu siku za mwalimu, haikuhesabu vipindi vya watoto.

Twataka kwanza tuondoe hofu ya wale wanaodhani tumekuja kuwanyima waalimu haki yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya mwaka ya siku 28, nayo kwa mwalimu huangukia wakati shule zimefungwa. Mbali na hiyo, sheria hiyo ilitaja walau siku 4 zenye mshahara, katika kila mzunguko wa miezi 36, kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto, au kifo cha mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Ikamruhusu mwajiri kutaka ushahidi, na kuongeza siku akiona vema, ingawa siku za nyongeza zaweza kukosa mshahara. Haya si hisani ya mwalimu mkuu. Kwa hiyo mwalimu ambaye mtoto wake ni mgonjwa na ana haki ya siku hizo hana sababu ya kujificha nyuma ya maneno "matatizo ya kifamilia". Na aseme, "Mtoto wangu ni mgonjwa," aonyeshe kadi ya hospitali, yaishe.

Tena twajua kwa nini maneno hayo ya kificho yamependwa. Mwezi wa Juni ufuta huuzwa mnadani, mwezi wa Oktoba korosho zimeanguka, na waalimu nao wana mashamba. Mwenye shamba anayekwenda kupima korosho zake, na mama anayempeleka mtoto kutibiwa, wote waandika sentensi ile ile. Mwalimu mkuu hawezi kuwapambanua, naye akichoka kudanganywa huanza kuwakatalia wote. Hivyo aliyeumia ni mwenye haja ya kweli.

Sasa tutazame yanayotokea baada ya ile "Nimeruhusu". Tutasimulia ya shule moja ya huku kwetu, wala hatutaitaja jina. Mwalimu wa Hisabati wa darasa la tano aliondoka siku nne kwa barua ya namna ile. Alikuwa amefika katika sehemu. Watoto walikuwa wamekwisha jifunza kujumlisha sehemu zenye asili moja, kama 2/7 na 3/7, wakapata 5/7. Mlango uliofuata ulikuwa sehemu zenye asili mbalimbali. Mwenzake mmoja, mtu mwema na mwenye bidii, ambaye masomo yake ni Kiswahili na Maarifa ya Jamii, alilionea huruma darasa lililokaa bure. Akaingia, akafungua kitabu pale kilipoachwa, akafundisha mlango mpya kwa haraka. Watoto waliondoka na kanuni waliyojitungia wenyewe, ya kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Nusu na theluthi wakazifanya 2/5.

Tafadhali msomaji, litazame jibu hilo kwa jicho la mkulima. Mtoto alikuwa na nusu ya muhogo, akaongezewa theluthi ya muhogo mwingine ulio sawa na ule, na mwisho akabaki na pungufu ya nusu aliyokuwa nayo mwanzo! Jibu la haki ni 5/6, kwa kuwa nusu ni 3/6 na theluthi ni 2/6. Mwalimu wa darasa aliporudi alidhani atakipitia kipindi kimoja cha kusahihisha mambo. Ikamchukua majuma mawili, maana ni kazi nyepesi kupanda mbegu katika shamba jeupe kuliko kung'oa kwanza kilichoota. Siku nne za ruhusa ziliwagharimu watoto siku kumi na nne.

Katika mambo haya hatumlaumu yule aliyeingia darasani. Twamlaumu aliyeondoka bila kusema kifundishwe nini na kisifundishwe nini. Na hapa ndipo penye kanuni ya kwanza ambayo twaipigania: kazi inayoachwa iwe ya kukaza yaliyokwisha fundishwa, isiwe ya kufungua mlango mpya. Wapo wanaosema kwamba hivyo ni kupoteza muda wa azimio la kazi, na kwamba mada hazitakwisha kabla ya mtihani. Twawajibu kwamba azimio la kazi hujazwa kwa kalamu, lakini mtoto hajazwi hivyo. Mada iliyopigwa alama ya "imefundishwa" na mtu asiyeijua haikufundishwa.

Kanuni hiyo ina mpaka wake. Ikiwa mwenye kushika vipindi ni mwalimu wa somo lile lile, na amekaa na mwenzake wakaelewana, aendelee mbele, na iandikwe hivyo. Na ikiwa mwalimu anaondoka kwa majuma mengi, kwa uzazi au kwa ugonjwa mrefu, hiyo si habari ya kazi za kuacha tena. Darasa lataka mwalimu mwingine kabisa na ratiba ipangwe upya. Sisi twanena juu ya siku mbili, tatu, nne, ambazo ndizo nyingi, na ambazo kwa udogo wake hakuna anayezijali.

Twageukia sasa mfano mwema, nao ni wa shule nyingine ya upande huu huu. Bibi Mwalimu mmoja alipewa siku ya kumpeleka mwanawe hospitali ya Ndanda. Kutoka Milola ni kushuka Lindi, na Lindi kupanda gari la Masasi. Basi asafiri Jumanne, aonwe Jumatano, angoje majibu Alhamisi, arudi Ijumaa. Alikuwa na vipindi 18 kwa juma: Hisabati darasa la tano vipindi 6, Hisabati darasa la sita vipindi 6, na Kiswahili darasa la nne vipindi 6. Vya Jumatatu vilikuwa 4, navyo angevifundisha mwenyewe. Vilivyobaki ni 14. Barua yake aliiandika Alhamisi ya juma lililotangulia, wala haikuzidi ukurasa mmoja. Twaiweka hapa kwa ruhusa yake, tukiondoa majina.

"Kwa Mwalimu Mkuu. Naomba ruhusa ya siku 4, Jumanne hadi Ijumaa ya juma lijalo, kumpeleka mtoto wangu hospitali ya Ndanda. Kadi yake nimeiambatanisha. Katika siku hizo nina vipindi 14: darasa la tano 5, la sita 5, la nne 4. Nimezungumza na wenzangu kabla ya kukuandikia. Vipindi 8 vitashikwa na waalimu watatu walio na nafasi saa hizo, na saa zao zimeandikwa nyuma ya karatasi hii. Vipindi 3 tumebadilishana: mwalimu wa Sayansi atachukua vyangu vya juma lijalo, nami nitampa vyangu vya juma linalofuata. Vipindi 3 havina mwalimu. Kwa hivyo naomba darasa la nne waketi pamoja na darasa la tano, la tano wakiandika zoezi na la nne wakisoma kimya, chini ya mwalimu wa zamu. Kazi za kila kipindi nimeziandika, zimo katika bahasha kwa mwalimu wa taaluma. Hakuna mada mpya. Majibu yamo katika bahasha ya pili. Madaftari ya zoezi la Ijumaa yasisahihishwe. Nitayasahihisha mwenyewe Jumamosi. Nikichelewa kurudi nitapiga simu kabla ya Ijumaa jioni, na kazi ya Jumatatu imo tayari chini ya bahasha. Vipindi 8 nilivyoshikiwa nitavilipa katika majuma matatu yafuatayo."

Tunaomba msomaji aangalie jambo moja katika barua hii, kwa kuwa ni rahisi kulipita. Haikuficha vile vipindi 3 visivyo na mwalimu. Barua nyingi zinazojidai kuwa na mpango husema "nimepanga na wenzangu", na ukichungulia huoni nani, saa ngapi, darasa lipi. Katika shule yenye waalimu sita na madarasa saba, ratiba haiwezi kuficha uongo. Mwenzako naye ana darasa saa ile ile. Ukitaka kujua kama mpango ni wa kweli, chukua ratiba iliyobandikwa ukutani, tia kidole juu ya saa iliyotajwa, utazame huyo aliyeahidiwa yuko wapi. Mara nyingi utamkuta yuko darasa jingine. Afadhali mwalimu anayekiri, "Vipindi vitatu sikuvipatia mtu," kuliko anayeahidi vyote 14 na watoto wakabaki na kiranja mwenye fimbo.

Na ile kulipa vipindi si adabu tu. Kumshikia mwenzako kipindi ni kutoa saa yako ya kusahihisha na kuandaa masomo yako mwenyewe. Mwalimu anayeshikiwa kila mara bila kulipa huzaa chuki katika ofisi, na ile chuki hutoka darasani kwa njia hii: mwenzake akubali kwa mdomo, halafu aandike swali moja ubaoni na kurudi kuketi chini ya mwembe. Mwaka 2014 wachunguzi wa Benki ya Dunia waliingia katika shule za msingi za nchi hii bila kutoa habari, wakakuta kwamba waalimu waliokuwapo shuleni bila kuwapo darasani walikuwa wengi kuliko wale wasiokuwapo shuleni kabisa. Basi ruhusa iliyopangwa ovyo humtoa mtu mmoja shuleni, na kumtoa wa pili darasani.

Tumeomba kuziona zile kazi alizoacha, tukafurahi. Darasa lake la tano lina watoto 52, na vitabu vya Hisabati havimtoshi kila mtoto. Mwalimu mwingine angeandika, "Wafanye zoezi la ukurasa fulani," na mwenye kushika kipindi angetumia robo saa kunakili maswali ubaoni, katika kipindi cha dakika 40. Yeye alinunua karatasi za manila, akayaandika maswali kwa herufi kubwa nyumbani kwake. Mwenye kushika kipindi huitundika tu karatasi, na watoto huanza. Juu ya kila karatasi pana mifano miwili iliyofanywa hatua kwa hatua, ili mtoto aliyesahau aangalie juu asimsumbue mwalimu asiyelijua somo. Chini yake pana maswali 10, matano mepesi na matano ya kufikiri. Mwisho pana mstari mmoja kwa wale wanaomaliza mapema: "Tunga fumbo moja la sehemu kwa habari ya ufuta au ya nazi, umpe jirani yako." Hakuandika "wasome kimya", kwa sababu mtoto aliyemaliza hesabu na kuambiwa asome kitabu asichokuwa nacho huanza kumpiga mwenzake.

Vile vipindi vitano vya darasa la tano alivipanga hivi. Jumanne sehemu zenye asili moja. Jumatano palikuwa na vipindi viwili. Cha kwanza kutafuta sehemu zilizo sawa, kama nusu na 3/6, na cha pili hesabu za kichwa bila kuandika kitu. Alhamisi mafumbo. Ijumaa zoezi fupi la maswali 6 yaliyochanganya ya siku zote. Ukitazama vizuri utaona kwamba zile sehemu zilizo sawa ndizo ngazi ya kupandia ule mlango mpya alioukataza usifunguliwe. Hakupoteza siku, aliwatayarishia watoto njia, akalibakiza fundisho lenyewe hata arudi.

Juu ya kusahihisha, twajua hapa ndipo tutakapobishana na wengi, kwa maana desturi ni mbili na zote ni mbaya. Desturi ya kwanza ni kumwachia mwenye kushika kipindi asahihishe yote. Yeye, akiwa na rundo lake mwenyewe, hupiga alama ya vema juu ya kila ukurasa bila kusoma, na mtoto aliyekosea hurudi nyumbani na vema mbele ya kosa. Desturi ya pili ni kulimbikiza yote mpaka mwenyewe arudi. Na tuhesabu. Darasa la tano watoto 52, la sita 47. Kila darasa lingeandika mazoezi 4. Jumla ni madaftari 396. Kila daftari likichukua dakika 2, ni dakika 792, yaani zaidi ya saa 13. Hakuna mwalimu aliyetoka safari na mtoto mgonjwa atakayekaa saa 13 akisahihisha. Atayaacha, na watoto wataona kwamba kazi ya siku zile haikuwa kazi.

Bibi Mwalimu alipita katikati. Mazoezi ya Jumanne, Jumatano na Alhamisi watoto hubadilishana madaftari dakika kumi za mwisho, mwenye kushika kipindi husoma majibu kutoka katika bahasha ya pili, na kila mtoto huandika jina lake chini ya kazi aliyoisahihisha. Zoezi la Ijumaa tu hukusanywa, huhesabiwa mbele ya darasa, hufungwa kwa kamba pamoja na karatasi ya majina ya wasiokuwapo, na kupelekwa ofisini. Hayo 52 na 47 kwa dakika 2 ni dakika 198, saa 3 na kidogo. Hizo mtu aweza. Kiswahili cha darasa la nne alikiachia imla na kusoma kwa sauti, kazi ambazo mwalimu yeyote aweza kuzisahihisha papo hapo.

Mtu atasema, "Watoto watapeana alama za bure." Ndiyo, wengine watapeana, na zoezi la Ijumaa liliwekwa makusudi kwa ajili hiyo. Mtoto aliyepata 10 kwa 10 mara tatu mfululizo mkononi mwa rafiki yake, na Ijumaa akapata 1 kwa 6, amejitangaza mwenyewe, na yule rafiki jina lake liko pale chini. Tena mwalimu akisahihisha yale 99 hatafuti alama peke yake. Atafuta kosa linalojirudia. Wakikosea watoto watatu, atawaita watatu. Wakikosea thelathini kosa moja, basi Jumatatu asubuhi anajua afundishe nini kabla ya kwenda mbele. Habari hiyo mtu mwingine hawezi kumpa, na ndiyo sababu twasema zoezi moja lazima lisahihishwe na mwenyewe.

Tulipolisema neno hili mbele ya waalimu fulani walituudhikia. Mmoja alisema, "Msiba hauandiki barua siku tano kabla. Nikipigiwa simu usiku kwamba baba amefariki, nikae niandike manila?" La, ndugu yetu, nenda ukazike. Atakayemdai manila mwalimu aliyefiwa hana utu. Lakini misiba yaja kila mwaka, wala hakuna mwalimu asiyejua kwamba itakuja. Kwa hiyo twataka kila mwalimu, mwanzoni mwa muhula, aache kwa mwalimu wa taaluma bahasha moja yenye kazi za siku tatu kwa kila darasa lake, za mambo ya muhula uliopita, pamoja na majibu. Ikipita nusu ya muhula aibadilishe, kwa maana kazi iliyo nyepesi mno hudharauliwa na watoto. Hapo barua ya msiba yaweza kuwa ya mstari mmoja, hata ya simu, kwa kuwa barua ndefu ilikwisha andikwa.

Mwingine alisema, "Serikali ilete waalimu, na mambo haya yatakwisha." Twakubali kwamba waalimu hawatoshi, na wanaopaswa kuwaleta twazidi kuwaomba. Lakini hoja hiyo yamgeukia msemaji. Shule yenye waalimu ishirini yaweza kustahimili barua ya mistari mitatu, maana yupo wa kuingia. Shule ya waalimu sita haiwezi.

Na sasa neno kwa waalimu wakuu, wasije wakafurahi bure. Tumesikia kwamba mmoja wao alipopata habari ya barua ya Bibi Mwalimu aliifanya fimbo. Aliyemwomba ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali akamrudisha mara mbili, eti bahasha haikujaa. Hilo ni kosa jingine. Mtoto akiwa na homa kali mzazi aondoke, na kupanga vipindi ni kazi ya mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma. Ndiyo maana wanaitwa hivyo. Kinachompasa mwalimu mkuu kwa kila barua ni kujibu kwa maandishi, kuandika katika jibu ni nani ameshika saa ipi, na kupita madarasani siku ya kwanza kutazama kama wapo. "Nimeruhusu" peke yake humwacha mwalimu naye hatarini. Kutokuwapo kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa wala sababu ya haki ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtumishi kazi, na mwenye ruhusa isiyotaja tarehe ya kuanza na ya kurudi atajitetea kwa nini siku akichelewa kwa gari kukwama matopeni?

Wazazi nao tusiwapite, maana wao ndio walioanza malalamiko. Jumanne ile Bibi Mwalimu alipoondoka, habari ilienea vijijini kabla gari halijafika Lindi. Jumatano asubuhi darasa la tano walikuwa 41. Kumi na mmoja walikuwa mashambani, wamebaki kuwinga ndege na kuchunga wadogo zao, kwa sababu "mwalimu hayupo." Mwalimu wa zamu aliandika majina yao, akawatuma viranja watatu nyumba kwa nyumba wakati wa mapumziko. Wanane walikuja Alhamisi. Watatu hawakuja hata juma lile lilipokwisha, na katika zoezi la Ijumaa mahali pao pana mstari mtupu.

Bibi Mwalimu alirudi Ijumaa usiku. Mwanawe alipewa dawa na siku nyingine ya kuonwa baada ya miezi mitatu, nayo imekwisha andikwa nyuma ya ratiba ofisini. Jumamosi alifungua kamba. Katika darasa la tano aliwakuta watoto 9 wanaofikiri kwamba 3/6 ni kubwa kuliko nusu, kwa kuwa tarakimu zake ni kubwa. Jumatatu alikuja na mihogo miwili na kisu.